Milioni 62 na kurasa nne za daftari

Barua ilinifikia kwa mkono, imeandikwa kwenye karatasi za daftari la mistari, kurasa nne mbele na nyuma, ikakunjwa ikawekwa ndani ya bahasha pamoja na kopi ya cheti cha kifo na kopi ya hundi ya bima. Aliyeileta ni dada wa mjane aliyeiandika, anafanya kazi hapa Arusha mtaa wa pili na ofisi yangu ya ushauri wa fedha, akaniambia "amesema usome taratibu, usimjibu haraka". Nikaisoma jioni ile ile.

Sikumjibu kwa wiki kadhaa, kila nikianza kuandika mpango wa hela zake nafika katikati nafuta.

Nitamuita Mama Neema, jina si lake, na amenikubalia niandike haya baada ya kubadilisha vitu viwili vitatu. Anaishi Moshi, amepanga Pasua, ni fundi cherehani, anashona zaidi sare za shule. Mume wake alikuwa ameajiriwa kwenye kampuni iliyowawekea wafanyakazi bima ya maisha ya kikundi, akafariki kwa ajali, na bima ikalipa milioni 62 kwa jina la mke kwa sababu ndiye aliyeandikwa mnufaika kwenye fomu. Watoto watatu: Neema yuko kidato cha pili bweni, wa kati darasa la nne, wa mwisho ana miaka minne yuko chekechea. Na kuna mama mkwe Kibosho, mgonjwa wa presha, dawa zake zilikuwa zinanunuliwa na marehemu na sasa kila mtu anaangalia upande mwingine.

## Jinsi alivyoipanga mwenyewe

Barua yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi ninazopokea, nasema ukweli. Watu wengi wananiletea hela na swali moja tu, "niweke wapi", lakini huyu aliandika kila mtu anayemtegemea, kila deni, kila ahadi. Ukurasa wa tatu akaandika mgawanyo:

"Dada shikamoo tena. Mimi nimefikiria hivi. Deni la benki la baba Neema milioni 9 nilimalize kwanza maana wanapiga simu. Nyumba ya Kiborlon fundi amesema milioni 27 inaisha yote. Kaburi milioni 5 tuweke marumaru na paa kama la baba yake. Shemeji anaomba milioni 10 ya biashara ya mahindi atanirudishia baada ya mavuno. Inayobaki milioni 11 uniambie niwekeze wapi ili tuishi kwa faida yake bila kugusa mtaji na watoto wasome."

Hapo ndipo niliponasa.

Kila kitu kwenye ile orodha kina sababu yake, hakuna hata kimoja ambacho ni anasa. Lakini angalia mpangilio: kwanza benki, halafu fundi, halafu marehemu, halafu shemeji, na chakula cha watoto na ada vimekaa mwisho kabisa vinasubiri kinachobaki. Na kwenye hicho kinachobaki ndipo anataka watu wanne waishi pamoja na bibi wa Kibosho.

Milioni 11, hata ukipata riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ni milioni 1 na laki 3 na kidogo. Kwa mwezi ni 110,000. Ada ya Neema peke yake inazidi hiyo.

## Swali ambalo hakuuliza

Kwenye kurasa zote nne hakuna mahali alipoandika kwa mwezi anatumia kiasi gani. Sikushangaa. Mume alikuwa analipa kodi na ada, yeye analipa chakula na mboga, kila mtu ana mfuko wake, na wengi wetu ndani ya ndoa hatujui jumla ya nyumba nzima ni ngapi mpaka mmoja anapoondoka.

Nikampigia simu, nikamwambia Mama Neema sahau milioni 62 kwa dakika chache, chukua kalamu. Tulikaa kwenye simu muda mrefu, mtoto analia nyuma, anakata anapiga tena. Mwisho tukapata hivi: kodi 150,000, chakula 320,000, umeme maji na gesi 60,000, nauli na vitu vya shule 80,000, bibi wa Kibosho 70,000, matibabu 40,000. Hiyo ni 720,000 kwa mwezi. Ada za watoto watatu kwa mwaka milioni 4 na 80,000, ukiigawa kwa miezi 12 ni 340,000. Jumla milioni 1 na 60,000 kwa mwezi.

Cherehani inamuingizia wastani wa 380,000. Nasema wastani kwa sababu Desemba na Januari anashona usiku kucha na Aprili anakaa tu.

Kwa hiyo kila mwezi kuna pengo la 680,000. Hilo pengo ndilo lilikuwa mshahara wa marehemu, na ndilo ambalo bima imekuja kuliziba. Kwa mwaka ni milioni 8 na 160,000.

Sasa chukua milioni 62 zote, usimpe mtu hata senti, uweke ndani zisizae chochote, kila mwezi utoe pengo. Zinaisha baada ya miaka saba na nusu hivi. Mtoto wa mwisho atakuwa darasa la tano au la sita, na ili amalize kidato cha nne anahitaji miaka kama 13. Na kwa mgawanyo wake wa kwanza, ambapo kodi inakoma kwa sababu nyumba imeisha lakini mkononi kuna milioni 11 tu, pengo linabaki 530,000 kwa mwezi na hela inaisha kabla ya miaka miwili.

Nilipomsomea hiyo namba ya pili alinyamaza muda mrefu kidogo. Halafu akasema, "Dada, kumbe hizi hela siyo nyingi."

Siyo nyingi, ila zikipangwa vizuri zinaweza kufanya kazi kubwa.

## Deni la benki

Hili nilianza nalo kwa sababu ndilo rahisi na lilikuwa la haraka, tayari alishaambiwa aende tawini na hela.

Mkopo wa mfanyakazi unaokatwa kwenye mshahara kwa kawaida huwa una bima ya mkopo ndani yake. Wakati marehemu anasaini, kuna kiasi kilikatwa juu kwa juu kabla hela haijaingia kwenye akaunti, wengi hawakumbuki hata kukiona. Kazi ya hiyo bima ni kwamba mkopaji akifa, kampuni ya bima inailipa benki salio, na familia haidaiwi. Sasa simu inayopigwa mara nyingi inatoka kwa mtu wa makusanyo ambaye kwenye skrini yake anaona tu mkopo umechelewa miezi miwili, hajui kama mwenye mkopo amezikwa.

Nikamwambia asilipe chochote, wala asisaini karatasi yoyote ya kuahidi kulipa. Apeleke barua ya kutaarifu kifo, akiambatanisha cheti cha kifo cha RITA, aombe kopi ya mkataba wa mkopo na aulize kwa maandishi kama bima ya mkopo ipo na dai limepelekwa lini. Apate muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yake. Kama ingekuwepo na wakazungusha, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambayo imewekwa kwa ajili ya malalamiko ya aina hii.

Ilikuwepo. Kwenye ukurasa wa pili wa mkataba, mstari mmoja. Salio likalipwa na bima na milioni 9 zikarudi mezani.

## Nyumba ya Kiborlon

Hapa ndipo nilipofuta na kuandika upya mara nyingi zaidi. Sisi washauri tuna kawaida ya kusema usijenge, wekeza, nyumba ya kukaa haizalishi. Nimeisema mwenyewe kwenye semina. Lakini nikapiga hesabu ya huyu mama kama alivyo.

Boma limeshapauliwa. Fundi anasema milioni 27, lakini ndani ya hizo kuna dari za jipsamu, madirisha ya aluminiamu, vigae nyumba nzima na uzio. Nikamuomba amwambie fundi aandike upya, avitoe hivyo vyote, abakize vyumba viwili na sebule, plasta, sakafu ya saruji, milango, nondo za madirisha, waya wa umeme, jiko, choo na shimo. Fundi akanuna kidogo halafu akaleta milioni 12.

Milioni 12 zinamuondolea kodi ya 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1 na laki 8 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 15 ya alichoweka, na kodi za Moshi hazishuki, kwa hiyo kadiri miaka inavyokwenda anaokoa zaidi. Kwenye uwekezaji wa salama sioni kwa urahisi kitu kinachompa zaidi ya hapo. Ila zile milioni 15 za ziada hazipunguzi kodi hata shilingi moja, maana kodi inakoma siku anayohamia, iwe na jipsamu au bila.

Kwa hiyo nikawa tayari kuandika "malizia nyumba kwanza". Halafu nikamuuliza kitu ambacho kwenye barua hakikuwepo: kiwanja kimeandikwa jina la nani?

Hati ya mauziano, yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ina jina la marehemu peke yake. Na kikao cha ukoo kilichokaa baada ya msiba kilimpendekeza shemeji, huyu huyu wa mahindi, awe msimamizi wa mirathi.

Simsemi vibaya shemeji, sijakutana naye. Lakini mali iliyobaki kwa jina la marehemu ni sehemu ya mirathi, na anayeisimamia ni msimamizi aliyeteuliwa. Mama Neema akimwaga milioni 12 za bima, ambazo zimelipwa kwa jina lake, kwenye kiwanja ambacho bado ni cha mirathi, amechanganya maji na maziwa na hakuna atakayeweza kuyatenganisha mbele ya ukoo. Nimeona wajane wa huku kwetu wakihesabiwa vyumba walivyojenga wenyewe.

Kwa hiyo saruji ikasubiri karatasi. Watu wanaiogopa mahakama kuliko inavyostahili, kwa hiyo nieleze kidogo. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia kuonyesha familia imekaa, lakini anayeteua msimamizi ni mahakama. Mjane anaweza kuomba mwenyewe Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Namba 1, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kama hakuna anapewa Fomu Namba 4 ambayo ndiyo barua ya usimamizi. Ndani ya miezi minne anatakiwa apeleke orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, na akishagawa anapeleka hesabu kwa Fomu Namba 6 na shauri linafungwa. Msimamizi hageuki kuwa mwenye mali, anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, basi.

Mama Neema hakutaka kumpindua shemeji hadharani, na nilimuelewa, atahitaji watu wa Kibosho siku zote, watoto ni wao. Tukaenda na njia ya wasimamizi wawili, yeye na shemeji kwa pamoja. Ukoo ukakubali, mahakama ikakubali. Kiwanja sasa kiko kwenye orodha ya kuhamishiwa kwake na watoto, na milioni 12 zipo pembeni zinasubiri siku hiyo, kabla ya hapo fundi hashiki mwiko.

## Ada iwe na chanzo chake

Baada ya hapo nilibaki na swali alilouliza yeye, niwekeze wapi.

Kitu nilichotaka ni kulitoa lile fungu la ada, milioni 4 na 80,000 kwa mwaka, lisimguse tena kichwani. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali kwa miaka mingi, zinalipa riba mara mbili kwa mwaka, na ada ya bweni inadaiwa Januari na Julai. Tuseme riba ni asilimia 12: milioni 34 zinaleta milioni 4 na 80,000 kwa mwaka, yaani milioni 2 na 40,000 kila baada ya miezi sita, na haikatwi kodi ya zuio. Akiweka kwenye akaunti ya muda maalumu benki, riba inakatwa asilimia 10, na Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mpaka milioni 7.5 tu kama benki ikianguka. Watu wengi hawaijui hiyo namba kabisa, wanadhani hela yote ya benki imekatiwa bima.

Hapa kuna mambo nilimueleza mara mbili mbili kwa sababu ndipo watu wanapojikwaa.

La kwanza, miezi ya kulipwa riba inategemea tarehe hatifungani ilipotolewa. Ukinunua tu yoyote inayonadiwa wiki hiyo Benki Kuu unaweza kujikuta unalipwa Machi na Septemba wakati shule inakudai Januari. Kwa hiyo tulimuomba dalali atafute kwenye soko la pili, yaani kununua kutoka kwa mtu anayeuza, yenye riba inayoingia karibu na Januari na Julai. Ikachukua muda, lakini ilipatikana.

La pili ni bei. Asilimia iliyoandikwa inahesabiwa kwenye thamani ya usoni, sio kwenye ulichotoa wewe. Kama unanunua kwa shilingi 108 kitu cha 100 chenye riba ya 12, wewe kiukweli unapata kama 11. Kama dalali anakutajia riba tu hakutajii bei, muulize bei.

La tatu ndilo lilinipa mashaka zaidi. Riba ya hatifungani haipandi. Leo inatosha ada, baada ya miaka mitano shule imepandisha na riba ni ile ile. Upande mwingine haishuki pia: Aprili 2022 Benki Kuu ilipunguza riba ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na waliokuwa wameshanunua zile za zamani wanaendelea kulipwa 15.95 yao. Lakini kwa mama mwenye mtoto wa miaka minne kupanda kwa ada ndiyo hatari yenyewe. Kilichonipa moyo ni kwamba watoto wake hawasomi wote kwa wakati mmoja kwa gharama ile ile. Neema anamaliza kidato cha nne baada ya miaka miwili na kitu, na akichaguliwa kidato cha tano cha serikali ada hakuna, imefutwa tangu 2022, inabaki michango na vifaa vya bweni. Nafasi yake kwenye hesabu inachukuliwa na mdogo wake. Akifika chuo, aliyefiwa na mzazi anaambatanisha cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA kwenye maombi ya Bodi ya Mikopo, kwa hiyo kile cheti wasikipoteze. Kama bado haitoshi, wa kati anahamia shule ya serikali. Nilimuuliza hilo wazi wazi. Akasema "sitaki, ila naweza", nikaandika hivyo hivyo kwenye mpango.

## Kilichobaki

Milioni 62, toa 34 za hatifungani, toa 12 za nyumba, zinabaki 16.

Milioni 2 na nusu tukaziweka kwenye kazi yake. Kwa sasa akishona sweta na sketi za shule anapeleka kwa mtu mwingine kupigwa ovaloki na analipa kwa kila kipande, na Januari anasubiri foleni mpaka wazazi wanaondoka kwenda kwingine. Ovaloki yake na cherehani ya pili ya umeme, na binti wa kumsaidia msimu wa sare. Hiki kwangu ndicho kipande kidogo chenye uwezo mkubwa kuliko vyote, kwa sababu kipato cha mikono yake ndicho pekee kwenye mpango huu kinachoweza kukua.

Kaburi. Nilikaa na hili bila kujua niseme nini. Milioni 5 ni ada ya mwaka na zaidi, kikokotoo kinasema hapana, lakini mimi pia ni wa huku, najua Desemba watu wakipanda nyumbani wanasimama wapi na wanasema nini, na najua mama mkwe anaamka kila asubuhi anaona ule udongo. Nilimuuliza tu: kiasi gani kinakutosha wewe usilale na deni moyoni? Akafikiria siku mbili, akarudi na milioni 1 na nusu, saruji na msalaba na jina, bila paa. Mama mkwe alipoambiwa alisema ni sawa, cha muhimu jina lionekane. Marumaru walizungumzia watu wengine.

Zikabaki milioni 12 kamili, na hizo ziko Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambapo akiomba hela anaipata ndani ya siku chache za kazi. Siku hizo chache ni muhimu kwangu, maana hela ikiwa kwenye simu inaondoka usiku ule ule mtu anapopiga analia. Faida ya mfuko haina dhamana, inapanda na kushuka, kwa hiyo sikumuahidi namba.

Sasa rudi kwenye pengo. Lilikuwa 680,000. Ada imepata chanzo chake, toa 340,000. Akihamia Kiborlon kodi inakoma, toa 150,000. Linabaki 190,000 kwa mwezi, na bibi wa Kibosho yumo ndani kama alivyokuwa, sikumgusa. Kwa mwaka ni milioni 2 na 280,000, na milioni 12 zinalibeba kwa miaka mitano hata zisipozaa kitu. Ovaloki ikimuongezea laki moja kwa mwezi, pengo linashuka mpaka 90,000 na huenda faida ya mfuko ikawa inalibeba karibu lote. Isipomuongezea tutajua ndani ya msimu mmoja wa sare, na wa kati atahama shule.

## Shemeji

Milioni 10 za mahindi hazimo popote kwenye mpango, na nilijua swali litakuja.

Hakuniuliza kama ampe. Aliniuliza atamwambiaje. Shemeji ndiye aliyekesha naye hospitali, ndiye aliyekwenda kuutambua mwili, sasa utamwambia nini mtu kama huyo. Nilipata kigugumizi kwa sababu sina jibu la kiuchumi kwa hilo. Biashara ya mahindi yenyewe naijua, unanunua wakati wa mavuno bei ikiwa chini, unahifadhi, unauza miezi ya njaa, na mwaka ambao bei haikupanda au mzigo umeliwa na dumuzi mtaji unakatika katikati, na huyu hana chochote cha kuweka dhamana. Kwa pengo la huyu mama, milioni 10 ni mwaka mzima na karibu miezi mitatu ya maisha ya watoto.

Mwisho alichukua ile karatasi ya hesabu, ile yenye pengo, akampelekea shemeji nyumbani kwake wakakaa mezani, akamuonyesha mstari kwa mstari, ya bibi 70,000 ikiwemo. Akamwambia hela nyingine zimefungwa kwenye hatifungani kwa ajili ya ada na akiziuza kabla ya muda anaweza kuuza kwa hasara, ambayo ni kweli. Aliniambia shemeji aliitazama ile karatasi muda mrefu, halafu akauliza dawa za mama ni kila mwezi? Tangu hapo ananunua nusu yake. Mahindi hakuyataja tena, angalau mpaka sasa.

Riba ya kwanza iliingia Julai na ilikwenda shule yote. Alinitumia meseji akiuliza kama angeiacha izae kwanza halafu ada alipe kwa hela ya Ukwasi, nikamwambia hapana, hiyo riba ina jina la ada, akianza kuhamisha hamisha ndani ya mwaka hatajua tena kipi kinabeba nini. Mirathi bado, orodha ya mali imeshapelekwa mahakamani. Mafao ya NSSF ya marehemu nayo hayajatoka, sikuyaweka kwenye hesabu hata shilingi kwa sababu siwezi kupanga chakula cha mtu kwa hela ambayo haijafika. Yakitoka tutakaa tena, na kitu cha kwanza nitakachotaka kujua ni pengo limefika ngapi.